Barua ya miaka kumi ya ndoa: namna ya kuiandika, kuikausha na kuifunga isioze

Sisi tulifunga barua yetu ndani ya kopo la biskuti. Ilikuwa mwaka 2011, wiki moja baada ya harusi, hapa Tanga, mwezi wa nne, mvua ya masika ikinyesha mchana na usiku. Tuliandika kurasa mbili kila mmoja, tukatia picha tano za harusi, risiti ya ukumbi na ua la jasmini kutoka kwenye kikuba cha mke wangu. Tukazungushia selotepu mara tatu, tukaliweka kopo juu ya kabati. Mwaka 2021 tulipolifungua, harufu ilitangulia. Picha zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja kama kipande cha ubao. Stepla imekula karatasi na kuacha shimo la rangi ya kahawia. Risiti ilikuwa nyeupe kabisa, haina hata herufi. Ua lilikuwa limegeuka doa jeusi lililopenya kurasa tatu.

Aibu iliyonikaa ni kwamba mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni kutunza mafaili. Nilijua kabisa kinachoua karatasi pwani, lakini siku ile nilikuwa bwana harusi, sikuwa karani. Kwa hiyo mdogo wangu alipoolewa Septemba 2025 na kuniambia wanataka kufunga barua ya kufunguliwa miaka kumi baadaye, nilimwambia aniachie kazi ya kopo, yeye na shemeji washughulike na maneno. Mwongozo huu ni tulivyofanya, na mfano wao nitaurudia mpaka mwisho.

Mambo mawili mtayafunga, wala msiyachanganye

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kudhani kufunga ni jambo moja. Ni mawili. Kuna kufunga siri, ili msisome kabla ya wakati, na hiyo ni kazi ya bahasha. Kuna kufunga unyevu nje, na hiyo ni kazi ya chombo. Ukiyaunganisha, kama tulivyofanya sisi na selotepu yetu, unajinyima nafasi ya kukagua. Kopo lilianza kuoza labda mwaka wa kwanza, nasi tukakaa miaka tisa mingine tukiliangalia juu ya kabati tukijisifu kwa subira.

Ukiyatenganisha, unaweza kufungua chombo ukakagua hali ya hewa yake, ukabadilisha dawa ya unyevu, na bahasha ikabaki imefungwa kwa saini zenu wawili. Karatasi ya bahasha haizuii mvuke. Unyevu utapita ndani na nje ya bahasha taratibu, maneno hayapiti. Haya yote yanayofuata yamesimama juu ya jambo hilo.

Karatasi na wino

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, gramu 80, inatosha. Nyingi zinazouzwa siku hizi hutengenezwa bila asidi, na miaka kumi kwake si kitu. Karatasi za kuepuka ni za magazeti, za madaftari ya bei ya chini yenye rangi ya kijivu, na zile za rangi rangi zenye maua na manukato. Hizo hugeuka manjano na kuvunjika, na zikikaa karibu na nyingine huziambukiza rangi. Kama mnataka kuweka ukurasa wa gazeti la siku ya harusi, utoeni fotokopi, muweke hiyo fotokopi.

Chagueni ukubwa wa A5, yaani nusu ya A4, ili karatasi ilale chomboni bila kukunjwa. Mkunjo ndio mahali karatasi inapochanikia. Andikeni upande mmoja tu. Wino ukipenya upande wa pili, hautakutana na maneno mengine.

Kwa wino, penseli ya kawaida haififii na haiyeyuki kwa maji. Inafutika kwa kufikicha, basi. Watu wengi hawaipendi kwa barua ya ndoa, naelewa. Peni nyeusi ya jeli ni nzuri kama wino wake ni wa chembechembe zisizoyeyuka, lakini dukani hutaambiwa ukweli, kwa hiyo jaribu mwenyewe: andika mistari mitatu, acha ikauke siku nzima, dondoshea tone la maji, subiri dakika tano, kisha gusa kwa karatasi ya chooni. Ikiacha doa la bluu au zambarau, iache peni hiyo. Mdogo wangu alijaribu peni nne za nyumbani, ikafaulu moja. Peni za kawaida za bluu hufifia zaidi kwenye mwanga, na ndani ya sanduku hakuna mwanga, ila unyevu ukipanda huanza kutambaa, herufi zikaota manyoya.

Kama mnapiga chapa, tumieni printa ya leza, ile inayotoa karatasi ikiwa ya moto. Printa ya wino ya nyumbani mara nyingi hutoa maandishi yanayokimbia yakipata maji. Hata hivyo, mkono una kitu ambacho chapa haina. Baada ya miaka kumi mwandiko wa mtu huwa umebadilika, na hilo lenyewe ni habari.

Vitu hivi visiingie kabisa: stepla, vibanio vya chuma, raba za kufungia (huyeyuka na kunata), selotepu, maua, keki, na risiti za karatasi laini inayong'aa. Risiti za namna hiyo huandikwa kwa joto na si kwa wino, ndiyo maana yetu ilifutika. Ukiitaka, ipige fotokopi siku hiyohiyo. Kuunganisha kurasa, tumia uzi mweupe wa pamba au utepe wa pamba.

Maneno yenyewe

Barua yetu ya 2011 ilipotea nusu, lakini nusu iliyosomeka ilitufundisha jambo la pili: ilikuwa haina kitu. Tulijaza ahadi. Nitakupenda daima, nitakuwa nawe katika shida na raha. Haya tulikuwa tumeyasikia kwa shehe, kwa wazazi, kwa mshereheshaji na kwenye kila kadi. Baada ya miaka kumi hakuna anayehitaji kuambiwa alichoahidi. Anachokosa ni kukumbuka alikuwa nani.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu na shemeji waandike yale ambayo kichwa huyabadilisha chenyewe bila kuomba ruhusa. Kodi ya chumba wanacholipa, na walivyoipata. Nauli ya daladala kutoka hapo hadi kazini, bei ya kilo ya unga na ya pweza sokoni. Nani huamka kwanza. Ugomvi wa mwisho kabla ya harusi ulihusu nini, nani aliomba radhi, na kama kweli aliridhika. Kitu gani kwa mwenzake bado hakielewi. Anaogopa nini kuhusu ndoa hii, kwa jina lake halisi: deni, ukoo, kutozaa, kufanana na baba yake. Anadhani mwaka 2035 watakuwa wanaishi wapi. Utabiri unaokosea ndio unaochekesha kuliko yote.

Aandike kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana. Mkikaa meza moja mtaandika barua ya adabu. Mdogo wangu aliandika kurasa saba jikoni kwa siku tatu. Shemeji aliandika nne usiku mmoja, na hakutaka kuzungumza kesho yake asubuhi. Kisha waliandika ukurasa mmoja wa pamoja wenye vitu vikavu tu: majina kamili, tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani alishafariki na angependa awepo.

Lipo jambo moja ambalo halipaswi kuandikwa, nalo ni siri ambayo mwenzako alikuwa na haki ya kuijua leo. Mtoto wa nje, mkopo uliofichwa, ugonjwa. Ukiifungia kwenye bahasha kwa miaka kumi umemtegea mtu mtego. Yaseme leo kwa mdomo, au usiyaandike.

Cheti halisi cha ndoa kisiingie. Mtakihitaji kwa pasi ya kusafiria, kwa bima, kwa shule ya mtoto. Fedha nazo ni za kufikiriwa. Kenya iliondoa noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, na baada ya 30 Septemba mwaka huo ikabaki karatasi tu. Tanzania nayo iliondoa noti zake za zamani mwanzoni mwa 2025. Wekeni noti ndogo kama ukumbusho, msifanye akiba. Sauti na video ziwekeni mahali pengine kabisa, kwenye vifaa viwili mnavyovitumia na kuvinakili upya kila mnapobadilisha simu au kompyuta. Flashi iliyolala miaka kumi bila umeme hujui itaamkaje. Ujumbe wa simu mnaoupenda, uchapeni.

Tarehe ya kufungua

Jambo hili linaonekana dogo mpaka liwagombanishe. Mdogo wangu aliolewa Jumamosi, 6 Septemba 2025, mara tu baada ya Maulidi, mfungo sita. Bibi yetu alidhani wazi kwamba miaka kumi itahesabiwa kwa mwezi. Shemeji alidhani kwa kalenda ya ukutani. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, kwa hiyo miaka kumi ya mwezi huisha mapema kwa siku zipatazo 109. Kwa hesabu ya bibi barua ingefunguliwa karibu na 20 Mei 2035. Kwa hesabu ya shemeji ni 6 Septemba 2035, ambayo itakuwa Alhamisi.

Waliamua ya pili. Juu ya bahasha tuliandika tarehe nzima kwa maneno na tarakimu, na sio "siku ya kuadhimisha miaka kumi". Maneno ya namna hiyo kila mtu atayafasiri anavyotaka.

Chombo

Tuseme kwanza kuhusu kufukia ardhini, kwa sababu wengi wanaposikia kasha la kumbukumbu wanaona jembe. Mji wa Tulsa, Marekani, mwaka 1957 ulifukia gari jipya aina ya Plymouth Belvedere ndani ya chumba cha zege chini ya ardhi, lifukuliwe baada ya miaka 50. Walipofungua mwaka 2007 walikuta chumba kimejaa maji na gari limekuwa kutu. Huo ulikuwa mji mzima, na zege. Wewe una ndoo ya plastiki na uwanja wa kupanga ambao mwakani una mpangaji mwingine. Usifukie.

Tafuteni chombo cha kioo cha kuhifadhia chakula, cha mstatili, chenye kifuniko cha kubana pande nne na pete ya silikoni ndani ya kifuniko. Vinauzwa kwenye maduka ya vyombo. Pima ndani, chini kabisa: lazima ipatikane zaidi ya sentimita 15 kwa 21 ili A5 ilale ikiwa ndani ya bahasha yake. Beba karatasi ya A5 ndani ya bahasha uende nayo dukani.

Kopo la bati lina kutu yake. Ndoo na mifuko ya plastiki hupitisha mvuke polepole, na miaka kumi ni muda mrefu kwa kitu cha polepole. Kasha la mbao, hata la mninga au mvule, ni zuri kwa nje tu. Mbao hutoa asidi na mafuta yanayochafua karatasi, na mende na mchwa hawaombi ufunguo. Kioo ndani ya kasha ndio mpango: kasha hukinga mwanga na vishindo, kioo hukinga unyevu na wadudu.

Jaribu chombo kabla ya kukiamini. Weka ndani karatasi kavu ya chooni, kifunge, kizamishe ndani ya beseni la maji kwa dakika kumi ukikikandamiza na jiwe. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo, au karatasi imelowa hata kona, kirudishe dukani. Cha kwanza tulichonunua kiliingiza maji kwenye kona moja, mahali pete ilipokuwa imepinda.

Kukausha, hapa ndipo kazi ilipo

Watu hufikiri adui ni hewa yenye unyevu iliyobaki ndani ya chombo. Si kweli. Lita moja ya hewa ya joto la pwani, hata ikiwa imejaa mvuke kabisa, ina kama gramu 0.03 za maji. Hiyo ni chembe. Lakini karatasi yenyewe hunyonya. Gramu 50 za karatasi zilizokaa kwenye chumba cha Tanga wakati wa masika zinabeba gramu nne hadi tano za maji, karibu kijiko kizima cha chai. Huwezi kuyaona wala kuyagusa. Ukizifunga hivyo hivyo, karatasi ndiyo itakayoamua hali ya hewa ya chombo kwa miaka yote kumi. Ukifunga karatasi iliyozoea unyevu wa asilimia 80, ndani kutakuwa asilimia 80. Ukungu huanza kuota kwenye asilimia 65 hadi 70. Kopo letu la biskuti halikuingiza unyevu baadaye. Tuliufunga wenyewe, siku ya kwanza, tukauzungushia selotepu.

Vifaa ni vitatu. Kwanza, kipima unyevu kidogo cha betri, chenye kioo cha kusoma asilimia. Pili, silika jeli, yaani zile chembe ngumu zinazokuwa ndani ya vifuko kwenye maboksi ya viatu. Tatu, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.

Vifuko vya maboksi ya viatu vinafaa, ila mara nyingi vimeshashiba. Vipasue, mimina chembe kwenye sinia la oveni, zioke kwa nyuzijoto 120 kwa saa mbili. Usioke na kifuko chake, kinaweza kuyeyuka. Huna oveni, tumia kikaango kikavu juu ya moto mdogo, koroga, upime uzito kila baada ya dakika kumi. Uzito ukiacha kupungua, zimekauka. Zimimine zikiwa bado na joto ndani ya chupa kavu, funga, ziache zipoe humo. Zile za rangi ya bluu zina madini ya kobalti, ni sumu, kwa hiyo zisiguse kikaango cha chakula na zisikae karibu na watoto. Nyeupe au za rangi ya chungwa zinatosha.

Mchele usitumie. Najua kila mtu atakushauri mchele. Unanyonya kidogo mno, na baada ya miezi utakuwa na fukusi ndani ya barua yako.

Kipimo ninachotumia ni moja ya tano: pima uzito wa karatasi zote pamoja na bahasha na picha, gawa kwa tano, hizo ndizo gramu za silika. Vitu vya mdogo wangu, yaani kurasa kumi na mbili, bahasha tatu na picha nne, vilikuwa gramu 48, kwa hiyo tulipima gramu 10 za silika, tukazifunga kwenye kitambaa chepesi cha pamba kama kifuko cha udi. Tukavipanga vyote ndani ya chombo bahasha zikiwa hazijafungwa, kipima unyevu kikiwa kimeegemezwa upande wa kioo ili kisomeke kwa nje.

Kabla ya kutia silika tulifunga chombo kwa saa chache tusome hali halisi ya karatasi: asilimia 71. Nyumba yao ina madirisha mapana na hakukuwa na mvua, na bado ilikuwa juu ya mstari wa ukungu. Tukatia kifuko. Kesho yake ilisoma 55, siku ya nne 40, siku ya saba 36, na siku ya tisa bado 36. Inapokaa palepale siku mbili, kazi imekwisha.

Mnatafuta namba kati ya 30 na 45. Ikibaki juu ya 50, silika haikuwa imekauka au chombo kinavuja, kwa hiyo oka upya na urudie. Ikishuka chini ya 30, punguza chembe kidogo, maana karatasi iliyokauka mno hukatika na picha hujikunja kama jani la mgomba juani.

Aliye Dodoma mwezi wa saba atakuta karatasi zake tayari zimekauka, na anaweza kuhitaji silika kidogo sana. Aliye Mombasa, Unguja au Dar asikwepe hatua hii hata kidogo. Na kama mnaweza kuchagua, fungeni kipupwe au kabla ya vuli, alasiri, na si alfajiri.

Picha

Picha za studio zina ngozi nyembamba ya jelatini upande wa uso, na jelatini yenye unyevu ni gundi. Kila picha iwekewe karatasi nyeupe ya fotokopi usoni, picha mbili zisitazamane. Nyuma yake andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, nani na wapi. Msizitie plastiki ya kukandamiza kwa moto, na mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki ikae mbali nazo. Picha nne zinatosha, nyingine ziko kwenye albamu.

Siku ya kufunga

Toeni kipima unyevu. Betri iliyoachwa miaka kumi inaweza kuvuja ndani ya barua. Mahali pake wekeni kadi ya kuonyesha unyevu, kipande cha karatasi chenye vidoa vilivyoandikwa asilimia, vinavyobadilika rangi, kwa kawaida bluu ikiwa kavu na pinki ikilowa. Hizi hutumika kwenye maboksi ya vifaa vya umeme, na mafundi wa kompyuta wakati mwingine huzitupa. Ielekezeni kwenye kioo ili isomeke bila kufungua, na isiguse bahasha.

Bahasha zifungeni kwa gundi yake yenyewe, kidogo. Kisha kila mmoja aweke saini yake juu ya mshono, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye mwili wa bahasha. Hiyo ndiyo kufuli. Shemeji alitaka lakiri nyekundu kama ya mahakama. Nilimkubalia kwa sharti iwekwe kwenye utepe wa pamba uliozungushiwa bahasha, maana lakiri ikipata joto la dari la bati hulainika na kunata kwenye chochote kinachoigusa.

Kazi hii ifanyeni haraka, dakika kumi, mchana, feni imezimwa. Karatasi iliyokaushwa siku tisa huanza kunywa unyevu tena mara tu inapoguswa na hewa. Jikaushe mikono. Mdogo wangu alilia kidogo juu ya chombo na nilimsogeza pembeni, akanicheka baadaye.

Chini ya bahasha kuwe na karatasi moja isiyofungwa yenye maagizo: ni vya nani, vifunguliwe lini, na nani afungue endapo mmoja atakuwa ametangulia mbele ya haki, au ndoa haipo tena. Ni maneno magumu kuandika wiki ya harusi. Wao waliandika kwamba akifariki mmoja, aliyebaki afungue atakapotaka, hata kesho yake. Wakiachana, kila mmoja achukue bahasha aliyoiandika yeye mwenyewe, bila kusomwa.

Mahali pa kukaa na njia ya kukumbuka

Ndani ya nyumba, chumba cha kulala, kabati la chini ukutani mwa ndani. Si juu ya kabati karibu na bati, si jikoni, si chini ya dirisha, si sakafuni penye mafuriko ya mitaroni. Joto lisilobadilikabadilika lina faida kuliko ubaridi. Anayewasha kiyoyozi usiku na kukizima mchana akiweke chombo mbali nacho, maana upande wa kioo unaopoa kwa ghafla huvuta mvuke wa ndani.

Simu zitabadilika na kalenda zake. Kitu kinachohama na familia bila kusahaulika ni ile bahasha ya vyeti. Basi andikeni kikaratasi, "Barua ya miaka kumi iko kasha la mninga, ifunguliwe 6 Septemba 2035", mkiweke pamoja na cheti cha ndoa. Kila mtakapotafuta cheti mtakikuta. Nakala ya pili ana somo wa mdogo wangu, ambaye kumbukumbu yake ya tarehe za watu huwatia hofu wengi.

Mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu, toeni kioo kwenye kasha mtazame kadi. Ikiwa kidoa cha asilimia 50 kimeanza kugeuka pinki, fungueni chombo, toeni kifuko cha silika, okeni upya, rudisheni. Bahasha haiguswi. Mwaka wa tano badilisheni pete ya silikoni hata kama haina kasoro. Nunueni ya akiba leo, maana muundo wa chombo utatoweka dukani.

Siku ya kufungua

Fungueni chombo asubuhi, mkiache kifuniko wazi mpaka jioni, bahasha zikiwa bado zimefungwa. Karatasi kavu ikivuta unyevu kidogo hulainika na haivunjiki. Kateni bahasha kwa kisu upande mfupi, msichane mshono wenye saini.

Mkikuta ukungu, msipulize wala kufuta kwa kitambaa chenye maji. Funikeni pua, anikeni karatasi kivulini penye upepo mpaka ukungu uwe unga mkavu, kisha panguseni nje ya nyumba kwa brashi laini. Picha za studio zilizogandana msizibandue kwa kucha kama nilivyofanya mimi. Zilowekeni kwenye maji safi ya kawaida mpaka zielee zenyewe, hata kama ni saa nzima, kisha zilazeni uso juu zikauke. Picha za printa ya wino msizitie maji kabisa.

Ya mdogo wangu nimeitazama baada ya masika. Kidoa cha asilimia 50 bado bluu. Anasema amesahau nusu ya alichoandika, na shemeji kila akipita kwenye kabati hugonga kasha kwa kidole.